Umeme Unapokatika Katikati ya Ripoti



Mwezi Machi 2025 tulipigiwa simu na mhazini wa parokia moja ya Nyanda za Juu Kusini. Alikuwa akiandaa ripoti ya mradi wa maji ya bomba, ile ambayo awamu ya pili ya fedha ilikuwa ikiisubiri. Ndani yake kulikuwa na jedwali la michango ya jumuiya zote, mistari 214, kila mstari na jina la kaya, namba ya stakabadhi na kiasi. Alikuwa akiandika tangu saa mbili asubuhi. Saa nne na dakika arobaini, wakati anabonyeza kuhifadhi, umeme ukakatika.

"Mwalimu, shikamoo," alisema mama huyo. "Faili lipo, ukubwa wake ni ule ule, ila ndani limejaa alama za reli. Kurasa na kurasa za reli tu."

Makala hii inaeleza kilichotokea siku ile, na jinsi ofisi ile ilivyopangwa upya ili kisitokee tena. Wako wasomaji watakaosema mambo ya kukatika umeme ni ya zamani. Ni kweli kwamba mgao kama ule wa mwaka 2006, maji yalipopungua Mtera, hatuuoni tena kwa namna ile, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Lakini ofisi ya parokia iliyo mwisho wa laini haizimwi na upungufu wa maji peke yake. Tawi la mti likigusa waya, nguzo ikianguka kwa mvua au transfoma ikipigwa radi, kompyuta inazimika vile vile. Tena kukatika kwa aina hii hakuna ratiba iliyobandikwa ukutani.

Kwa nini faili lilijaa reli

Kompyuta ile ilikuwa ya mezani, haina betri wala yupiesi. Ripoti ilikuwa kwenye flashi, na mhazini alikuwa akiifungua na kuihifadhi moja kwa moja humo humo, kwa sababu jioni huondoka nayo nyumbani. Programu ilikuwa LibreOffice, na faili liliitwa `ripoti maji.odt`. Lilikuwa moja tu.

Mtu anapobonyeza kuhifadhi, programu huikabidhi kazi kwa kompyuta, na kompyuta huanza kuiandika kwenye diski au flashi. Kwanza hutenga nafasi na kuandika kwenye orodha yake kwamba faili fulani lina ukubwa fulani. Maneno yenyewe yanaweza kufuata baadaye kidogo. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, orodha inasema faili lipo na ukubwa wake ni sahihi, lakini nafasi iliyotengwa bado ni tupu. Imejaa sifuri.

LibreOffice inapolifungua faili la namna hiyo hailitambui. Hudhani ni maandishi ya kawaida, huleta dirisha lenye kichwa "ASCII Filter Options", na ukikubali hukuonyesha alama ya # kwa kila sifuri. Kwa hiyo ukiliona dirisha hilo unapofungua ripoti yako mwenyewe, usibonyeze chochote isipokuwa Cancel, kisha uende kutafuta nakala. Zile reli si maandishi yaliyofichwa ambayo fundi anaweza kuyafumbua. Hapo hapana kitu. Tumewahi kuona watu wakilipa mafundi wa mjini ili "warudishe" faili la namna hii, na fedha ile ilipotea bure.

Iko pia hali nyingine inayofanana nayo. Faili la `.odt`, kama lile la `.docx`, kwa ndani ni mfuko uliobanwa wenye vipande vingi, na orodha ya vipande hivyo huandikwa mwishoni kabisa. Maandishi yanaweza kuwa yameingia karibu yote, lakini kama umeme umekatika kabla ya orodha kuandikwa, programu inasema faili limeharibika na inauliza kama ijaribu kulitengeneza. Hapo kubali, maana mara nyingine sehemu kubwa hurudi. Lakini kwanza fanya nakala ya faili lile bovu, ujaribu kwenye nakala.

Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba kazi ya mama mhazini ilikuwa bado ipo. LibreOffice huwa inajiwekea akiba yake kila baada ya dakika kadhaa, na akiba hiyo haikai kwenye flashi. Inakaa ndani ya diski ya kompyuta, kwenye folda ya mtumiaji. Umeme uliporudi, kijana aliyekuja kusaidia aliwasha kompyuta na kufungua LibreOffice. Likatokea dirisha la "Document Recovery" lenye jina la ripoti. Yeye akaona ni usumbufu, akabonyeza Discard. Kwa kubonyeza hivyo aliifuta akiba yote. Ikabidi jedwali liandikwe upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, kazi ya siku tatu, na ripoti ikachelewa tarehe yake.

Akiba ya programu ni kitu gani, na si kitu gani

Watu wengi wanachanganya mambo matatu: kuhifadhi wenyewe, akiba ya dharura, na nakala ya nyuma. Tuyatenganishe.

Kuhifadhi wenyewe ni kubonyeza Ctrl na S. Faili lako halisi linaandikwa upya.

Akiba ya dharura, ambayo LibreOffice huiita AutoRecovery na Word huiita AutoRecover, ni picha ya kazi yako inayowekwa pembeni. Faili lako halisi haliguswi. Ukifunga programu kwa utaratibu, akiba hiyo inafutwa, kwa kuwa programu inaamini huihitaji tena. Inatokea tu pale programu ilipokufa ghafla. Ndiyo maana mtu anayefunga faili na kubonyeza Don't Save kwa bahati mbaya, katika LibreOffice hataikuta akiba hiyo kesho yake.

Kwa kawaida akiba hii inawekwa kila dakika 10. Kwa ofisi ya mjini yenye jenereta zinatosha. Kwa mhazini anayenakili stakabadhi nne kwa dakika, dakika 10 ni mistari 40. Ukiweka dakika 2, kinachoweza kupotea ni mistari minane. Nenda Tools, kisha Options, kisha Load/Save, kisha General. Tafuta mstari unaosema "Save AutoRecovery information every", hakikisha umewekwa alama ya vema, na badala ya 10 andika 2. Kwa Word nenda File, Options, Save, na mstari ni "Save AutoRecover information every".

Mbona basi tusiweke dakika 1 kila mahali? Kwa ripoti ya kurasa ishirini hakuna ubaya. Lakini faili lenye picha nyingi za mradi, kwenye kompyuta kuukuu, hukwama kidogo kila akiba inapowekwa. Herufi zinachelewa kutokea na mwandishi anakasirika. Akishakasirika huizima kabisa, na hapo tumerudi nyuma ya tulipoanzia. Dakika 2 au 3 inavumilika karibu kwa kila mashine tuliyoijaribu.

Kwenye Word mpya kuna swichi nyingine juu kushoto iliyoandikwa AutoSave. Hii ni tofauti na hiyo AutoRecover. Inafanya kazi kwa faili lililo OneDrive au SharePoint, yaani lililounganishwa na intaneti. Faili lililo kwenye diski yako tu, swichi hiyo inabaki imezimwa. Tumekutana na katibu aliyeamini kazi yake inajihifadhi yenyewe kwa sababu alikuwa ameliona neno hilo juu ya kioo, na hakuwahi kutazama kama swichi iko upande gani. Aidha, AutoSave ikiwaka, kila kosa nalo linahifadhiwa: ukifuta safu ya jedwali bila kukusudia, ndilo faili lako jipya.

Nakala ya nyuma ni kitu cha tatu. Katika ukurasa ule ule wa General kwenye LibreOffice kuna mstari "Always create backup copy". Ukiuwekea alama ya vema, kila unapohifadhi, faili lilivyokuwa kabla ya hapo linawekwa pembeni likiwa na mwisho wa `.bak`. Mahali linapowekwa utapaona kwenye Tools, Options, LibreOffice, Paths, mstari wa Backups. Ukilihitaji, linakili kwenda folda nyingine, badilisha mwisho wake uwe `.odt`, kisha lifungue. Kama mpangilio huu ungekuwa umewekwa siku ile ya Machi, faili la reli lisingekuwa na madhara makubwa: mama angerudi kwenye hali ya mara moja kabla, yaani robo saa hivi nyuma.

Lakini ni mara moja tu nyuma. Ukihifadhi tena, `.bak` ya zamani inafunikwa na mpya. Kosa likigundulika kesho, au baada ya kuhifadhi mara mbili, nakala hiyo haikusaidii. Hapo ndipo matoleo yenye namba yanapohitajika.

Matoleo yenye namba

Ofisi ile sasa haina tena `ripoti maji.odt`. Ina haya:

```
ripoti-maji_2025-06-11_01.odt
ripoti-maji_2025-06-11_02.odt
ripoti-maji_2025-06-12_01.odt
```

Tarehe inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa herufi na tarakimu kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe 12 Juni itakaa kabla ya tarehe 30 Mei na utatafuta hadi uchoke. Namba ya mwisho ina tarakimu mbili kwa sababu hiyo hiyo; ukiandika 1, 2, 3, kuna kompyuta zitakazoweka 10 kabla ya 2. Msitumie neno "mwisho" kwenye jina. Kila mmoja wetu ameshaona folda yenye ripoti mwisho, ripoti mwisho kabisa na ripoti mwisho mpya, na hakuna anayejua ipi ilipelekwa kwa mfadhili.

Mhazini anafungua toleo la mwisho asubuhi, na kabla ya kuandika neno lolote anakwenda File, Save As, na kuongeza namba. Anafanya hivyo tena kabla ya jambo kubwa, mathalani kupanga upya jedwali au kufuta sehemu, na tena anapokwenda kula mchana. Kati ya hapo anabonyeza Ctrl na S kama kawaida. Faida yake kuhusu umeme ni hii: umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi `_03`, kinachoandikwa wakati huo ni `_03` peke yake. Toleo `_02` limefungwa na halikuguswa. Hata likiharibika faili moja, hasara ni ya saa mbili au tatu, si ya wiki nzima.

Tuliulizwa na mwenyekiti wa kamati kama flashi haitajaa. Tukakokotoa naye. Ripoti yao ina kilobaiti 60 hivi. Matoleo sita kwa siku ni kilobaiti 360. Kwa siku 250 za kazi ni megabaiti 90. Flashi ya gigabaiti 8, ndogo kuliko zote zinazouzwa stendi, ingechukua miaka mingi kujaa. Hata hivyo ni vizuri kusafisha: kamati ikishapitisha ripoti, toleo lililopitishwa linatolewa kama PDF, linabaki lile la mwisho la kila siku, na mengine yanafutwa.

Tahadhari moja kuhusu LibreOffice. Kwenye File kuna kitu kinaitwa Versions, na mtu anaweza kudhani ndicho tunachokisema. Siyo. Matoleo yanayotunzwa hapo yanakaa ndani ya faili lile lile. Faili likijaa reli, yote yanajaa reli.

Tatizo la matoleo yenye namba ni watu wawili. Katibu akiondoka na `_04` kwenye flashi na kuiendeleza nyumbani, huku mhazini naye akiendeleza `_04` ofisini, kesho yake kuna `_05` mbili zenye jina moja na habari tofauti. Atakayenakili wa pili atafunika kazi ya wa kwanza, na hapo umeme hauna lawama. Ofisi ile ilitatua jambo hili kwa daftari la shule linalokaa karibu na kompyuta. Anayefungua faili anaandika jina la toleo, saa, na jina lake. Anayeondoka nalo anaandika "nimelichukua". Mpaka alirudishe, mwingine hagusi. Ni utaratibu wa kizamani, lakini ni kitu pekee ofisini hapo kisichohitaji umeme.

Na flashi je? Sasa kazi yote inafanyika kwenye diski ya ndani. Flashi inachomekwa jioni tu, folda inanakiliwa, faili moja linafunguliwa kutoka kwenye flashi kuona kama linafunguka, kisha flashi inatolewa kwa kubonyeza Eject kwanza. Ziko mbili, zinapokezana, na ile isiyo zamu inalala nyumbani kwa mwenyekiti.

Betri: kwanza pima, kisha panga

Baada ya tukio la Machi, parokia ilihamishia kazi ya ripoti kwenye kompyuta mpakato ya zamani iliyokuwa kabatini. Watu wakasema sasa tatizo limekwisha, kwa kuwa ina betri. Wiki ya pili umeme ulikatika, kompyuta ikaonyesha betri asilimia 31, na dakika chache baadaye ikazima ghafla bila onyo.

Betri kuukuu hudanganya. Asilimia unayoiona ni makadirio, na betri inapochoka makadirio hayo hukosea hasa kuelekea mwishoni. Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, pima. Kwenye Windows fungua dirisha la Command Prompt na andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Kompyuta itakuambia imeandika ripoti na itakutajia iko folda gani. Ifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake ikijaa hivi leo. Kwa kompyuta ile, wa kwanza ulikuwa miliwati-saa 41,040 na wa pili 17,200. Betri ilikuwa imebaki na asilimia 42 ya nguvu zake. Ikiandika "asilimia 100", maana yake ni mia ya hiyo iliyobaki.

17,200 ni sawa na wati-saa 17.2. Kompyuta ile ikiwa na kioo chenye mwanga wote, waifai imewashwa na kurasa kadhaa za intaneti ziko wazi, ilikuwa ikila wati 16 hivi, yaani saa moja na dakika chache. Tukapunguza mwanga wa kioo hadi karibu theluthi, tukawasha hali ya ndege kwa kuwa kuandika ripoti hakuhitaji intaneti, tukafunga kivinjari na kuacha LibreOffice peke yake. Ikashuka hadi wati 9. Betri ile ile sasa ingefika karibu saa mbili. Hatukununua kitu. Katika mambo yote hayo, kioo na kivinjari ndivyo vilivyoleta tofauti kubwa. Mengine, kama kubadilisha picha ya nyuma iwe nyeusi, hayafai kupotezewa muda kwenye kioo cha kawaida cha aina ile.

Windows ina swichi inayofanya sehemu ya kazi hiyo yenyewe, ikiitwa Battery saver, na kwenye matoleo mapya Energy saver. Kwa kawaida huwaka yenyewe betri ikishakuwa chini. Kwa betri iliyochoka ni kuchelewa. Iwasheni mara tu umeme unapokatika. Mjue tu kwamba ikiwaka, OneDrive husimamisha kupeleka mafaili, kwa hiyo anayetegemea nakala ya mtandaoni asidhani imekwenda.

Sasa lile la kuzima bila onyo. Kuna usingizi wa aina mbili. Sleep ni usingizi mwepesi: kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu ya muda inayohitaji umeme kidogo wakati wote, na betri ikiisha, kazi imekwisha nayo. Hibernate ni usingizi mzito: kila kilichofunguliwa kinaandikwa kwenye diski kisha kompyuta inazima kabisa. Inaweza kukaa hivyo wiki nzima bila umeme, na ukiiwasha unakuta sentensi yako pale pale ulipoiachia.

Tunachotaka ni kompyuta ijipeleke yenyewe kwenye usingizi mzito mapema, kabla uongo wa betri haujaanza. Fungua Control Panel, Power Options, Change plan settings, kisha Change advanced power settings. Chini ya Battery kuna "Critical battery action". Kwa upande wa On battery chagua Hibernate. Kisha "Critical battery level", ambayo mara nyingi ni asilimia 5, ipandishe. Kwa betri ile iliyozima kwenye 31 ilibidi tuweke 35, na onyo la kwanza, "Low battery level", tukaliweka 45. Kwa betri yenye afya 12 na 20 zinatosha. Kama neno Hibernate halipo kwenye orodha, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

```
powercfg /hibernate on
```

Kisha fanyeni jaribio. Fungua faili lisilo na maana, chomoa waya, acha kompyuta ijishukie huku mtu akiitazama na kuandika saa. Ikizima kwa utaratibu na kurudi na faili lako, umeweka sawa. Ikizima ghafla, pandisha kiwango na ujaribu tena. Jaribio hili lirudiwe kila baada ya miezi mitatu, maana betri haibaki ilivyo.

Kiwango cha 35 kilimaanisha sehemu ya tatu ya betri haitumiki kwa kazi, na muda halisi uliobaki, hata kwa wati 9, ni kama saa moja na robo. Kwa kukatika kwa kawaida pale parokiani ilitosha. Kukatika kwa kutwa nzima hakukutosha, na kamati ikaamua kuomba betri mpya.

Neno kwa wanaotuma kompyuta

Hapa tunazungumza na wafadhili kwa heshima zote. Mara nyingi parokia hupokea kompyuta ya mezani nzuri na mpya. Mashine hiyo pamoja na kioo chake hula wati 60 hadi 100, na haina hata sekunde moja ya kujihami umeme ukikatika. Kompyuta mpakato iliyotumika, pamoja na betri mpya ya akiba, ingefaa zaidi kwa mahali pa namna hii.

Kama ya mezani imeshafika, inahitaji yupiesi, lile boksi zito lenye betri. Zile ndogo nyingi ndani yake zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo kwa karatasi ni wati-saa 84, lakini kwa kazi halisi hutoa kidogo sana kuliko hapo. Hesabu dakika kumi hivi, na uzitumie kuhifadhi na kuzima, si kuendelea kuandika. Printa ya leza isichomekwe kwenye yupiesi kamwe. Inapopasha moto huvuta wati mia kadhaa na boksi huzima papo hapo pamoja na kompyuta. Betri yake nayo huchoka baada ya miaka michache, mapema zaidi kwenye joto, na bajeti ya mradi inayotaja "kompyuta 1, yupiesi 1" bila mstari wa betri ya mwaka wa tatu imeacha shimo ambalo mhazini ndiye atakayetumbukia.

Mwezi Juni mama mhazini alitupigia tena. Umeme ulikuwa umekatika saa kumi jioni, yeye akaendelea kuandika kwa betri, akasahau kabisa, mpaka kompyuta ikajilaza yenyewe. Asubuhi aliiwasha, ikamrudishia jedwali. Ila kwa hofu ya zamani hakuliamini, akachukua kitabu cha stakabadhi na kulinganisha mstari kwa mstari. Yote yalikuwepo. Kisha akaenda Save As, akaandika `_03`, na ndipo akaenda kunywa chai.